Somo: Kuandika barua ya rufaa pale bangili za mfupa zinapofutwa kama pembe za ndovu

Wiki hii peke yake nimeulizwa jambo hili mara nne kwenye ujumbe wa faragha, na kila mara najibu kwa haraka, mkono mmoja simu, mwingine msasa. Leo naliandika mara moja, lote. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo cha hapa.

Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi wa mapambo ya mfupa hapa Bagamoyo. Nanunua mifupa ya muundi wa ng'ombe kwa wachinjaji, naichemsha kutoa mafuta, naikata, naipiga msasa, nauza bangili na hereni kwenye soko la mtandaoni linalofika nje ya nchi. Mwezi wa tano mwaka jana tangazo langu lililokuwa likiuza kuliko yote liliondolewa. Ujumbe ulisema limekiuka sera ya bidhaa za wanyamapori, yaani waliziona bangili zangu kuwa ni pembe za ndovu.

Niseme mapema kwamba sera hiyo naiunga mkono. Tatizo langu lilikuwa kwamba imemkamata asiyehusika.

Hatua ya 1. Soma ujumbe wa kuondolewa mpaka mwisho. Nakili namba ya tangazo, tarehe, na jina la sera kama lilivyoandikwa.

Hatua ya 2. Piga skrinshoti ya tangazo, kichwa, maelezo na picha zote, kabla halijatoweka kabisa kwenye akaunti yako.

Hatua ya 3. Tafuta kilichowapotosha. Hapa usikimbie. Aliyefuta tangazo lako hajaishika bangili. Mara nyingi ni mtambo uliosoma maneno, na maneno yenyewe haukuyasoma kwa Kiswahili, uliyasoma yakiwa yameshatafsiriwa. Badilisha lugha ya ukurasa, ulisome tangazo lako kama mnunuzi wa mbali anavyoliona.

Mimi nilipofanya hivyo nilielewa papo hapo. Kichwa changu kilikuwa "Bangili ya mfupa, nyeupe kama pembe". Kwenye skrini kilitokea `Bone bracelet, white as ivory`. Neno letu "pembe" linabeba pembe ya ng'ombe, pembe ya mbuzi, pembe ya ndovu, hata pembe ya meza. Sisi tunatofautisha kwa kusikia maneno ya jirani yake, lakini tafsiri ya mtambo inachagua moja na kuendelea. Halafu mwishoni mwa maelezo nilikuwa nimeweka sentensi ya kupendezesha, kwamba bangili inatoka Bagamoyo, mji ambako misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikifikia pwani. Ni historia ya kweli, na watalii wanaipenda. Lakini kwa mtambo, hapo pana neno lile mara mbili pamoja na picha ya kitu cheupe kilichong'arishwa. Hata mimi ningeshtuka.

Hatua ya 4. Piga picha za kuthibitisha malighafi. Picha za kuuzia hazifai kazi hii, maana zile tunazipiga ili kitu kionekane laini kisicho na doa. Hapa unataka madoa yaonekane.

Mfupa una vitundu vidogo mno, ni njia zilikopita mishipa ya damu mnyama akiwa hai. Ukikatwa kwa upana, vinaonekana kama nukta zilizochomwa kwa ncha ya sindano. Ukikatwa kwa urefu, vinakuwa mistari mifupi myembamba. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo. Upande wa nje wa bangili tumeshaung'arisha na kuupaka nta, kwa hiyo vitundu vimezibwa. Geuza, upige upande wa ndani. Simama karibu na dirisha asubuhi, mwanga utoke ubavuni, usiwashe taa ya simu, kwani inafuta vivuli vyote. Kama nukta hazijitokezi, chukua kipande cha mabaki ya kazi hiyo hiyo, kisugue na majivu ya mkaa yaliyolowa kidogo kisha kifute. Weusi unabaki kwenye vitundu na kila mtu anauona. Fanya hivyo kwa kipande cha mabaki tu, na useme kwenye barua kwamba umefanya hivyo.

Picha ya pili ni ya maungio. Mfupa wa muundi ni mwembamba na katikati una tundu la uboho. Unene wa ukuta wake ni kama sentimita 1, na mzunguko wake hautoshi kupitisha mkono wa mtu mzima. Ndiyo maana bangili zetu ni vipande vilivyotungwa kwa mpira au kufungwa kwa bawaba ya shaba. Pembe ya ndovu ni nene, inaweza kutoa duara zima lisilo na kiungo. Kwa hiyo onyesha vipande vyako, na pembeni weka mfupa mbichi uliokatwa, tundu la uboho likionekana, na rula iwe ndani ya picha.

Usizipitishe picha hizi WhatsApp kama picha za kawaida, inazibana na nukta zote zinapotea. Zitume kama faili, au zipakie moja kwa moja kutoka kwenye simu iliyozipiga.

Hatua ya 5. Pata karatasi ya aliyekuuzia mifupa: tarehe, kilo, bei, jina na namba yake ya simu. Ya mkono inatosha. Inahitajika kwa sababu picha zinaonyesha kwamba ni mfupa, lakini haziwezi kuonyesha ni wa mnyama gani. Nyati naye ana mfupa.

Hatua ya 6. Andika barua. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nivumilieni.

Barua yangu ya kwanza niliiandika usiku ule ule nikiwa na hasira. Ilijaa kurasa mbili. Niliandika kwamba siuzi pembe za ndovu, sijawahi kushika pembe za ndovu, baba yangu hakuuza pembe za ndovu. Nikaongeza kwamba nina watoto watatu shuleni. Nikaeleza kuwa hata hereni zangu nyingine ni za pembe ya ng'ombe, wala si za ndovu. Nilipoisoma baadaye ikiwa imetafsiriwa, neno `ivory` lilikuwemo mara saba na neno `bone` mara moja tu. Hereni, ambazo hakuna aliyeziulizia, nilikuwa nimeziingiza mwenyewe kwenye kesi pamoja na malighafi nyingine mpya. Mahali popote sikusema bangili imetengenezwa na nini, kwa namna ambayo mtu angeweza kuihakikisha. Baada ya siku mbili likaja jibu la mistari miwili: uamuzi haubadiliki, ukiwa na ushahidi mpya jibu hapa hapa. Ule mstari wa mwisho ndio ulioniokoa. Si kila soko linakupa mlango wa pili.

Basi shika haya:

Taja kitu kilivyo, si kisivyo. "Ni mfupa wa muundi wa ng'ombe wa kufugwa" ina uzito kuliko "si pembe za ndovu" mara kumi. Neno lililokufungia liandike mara moja tu, pale unapoeleza chanzo cha kosa.

Ongezea jina la kisayansi. Ng'ombe wetu wa nundu ni `Bos taurus indicus`, na jina hilo halibadilishwi na tafsiri yoyote.

Zungumzia tangazo moja tu. Hata kama yamefutwa matatu, kila moja na barua yake.

Usiandike "nimekosa, sitarudia tena". Najua kwetu ndiyo adabu, mtu huanza kwa kuomba radhi ndipo shauri lisikilizwe. Kule maneno hayo yanasomwa kama kukiri kwamba kweli uliuza kilichokatazwa, na alama inabaki kwenye akaunti yako. Sema maneno yako yalieleweka vibaya, maana ndivyo ilivyokuwa.

Sentensi ziwe fupi, zisizo na methali wala mafumbo. Ukimaliza, itafsiri uisome, kisha rekebisha Kiswahili chako mpaka tafsiri isimame sawa.

Hii ndiyo barua yangu ya pili. Inakili, lakini weka mambo yako, sio yangu, na mwishoni ubandike maneno mapya ya tangazo lako, ambayo hapa nimeyaacha:

> Kuhusu: Rufaa ya tangazo namba (weka namba), lililoondolewa tarehe 14 Mei chini ya sera ya bidhaa za wanyamapori
>
> Naomba uamuzi huu uangaliwe upya. Bidhaa ni bangili iliyotengenezwa kwa mfupa wa muundi wa ng'ombe wa kufugwa, `Bos taurus indicus`. Haina sehemu yoyote ya mnyama wa porini.
>
> Naona maneno yangu yalieleweka vibaya. Kichwa kililinganisha rangi ya bangili na pembe za ndovu, na maelezo yalitaja historia ya mji wa Bagamoyo. Sentensi zote mbili hazikuhusu malighafi. Nimeziondoa. Maneno mapya yako mwisho wa barua hii.
>
> Ushahidi ulioambatanishwa:
> Picha 1: upande wa ndani wa bangili. Vitundu vya mfupa vinaonekana.
> Picha 2: kipande cha mabaki ya kazi hii, kimesuguliwa majivu ili vitundu vionekane.
> Picha 3: bangili yenye vipande 8, pamoja na mfupa mbichi wenye tundu la uboho, na rula.
> Picha 4: karatasi ya ununuzi wa mifupa kutoka kwa mchinjaji.
>
> Naomba tangazo lirudishwe likiwa na maneno mapya, na alama ya ukiukaji iondolewe kwenye akaunti yangu. Kama kuna picha nyingine mnayoihitaji, niambieni, nitaituma.

Ombi la kuondoa alama msilisahau. Tangazo linaweza kurudi na alama ikabaki, halafu siku likitokea kosa jingine dogo unahesabiwa kuwa wa mara ya pili.

Hatua ya 7. Tuma kupitia kitufe cha rufaa kilicho kwenye ujumbe wa kuondolewa, sio kwenye ukurasa wao wa kijamii. Subiri. Yangu ilijibiwa siku ya tano, tangazo likarudi na alama ikafutwa.

Hatua ya 8. Likirudi, pitia matangazo yako mengine yote siku hiyo hiyo, uondoe neno lile lile.

Maswali ya wanachama

Duka la Kaole: Na mimi wamenifutia. Nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 1. Ukishaisoma, niambie sera gani na unauza nini.

Duka la Kaole: Sera sijaiangalia. Nimeweka tangazo upya mara tatu na wanalifuta tu, ndiyo nauliza.

Mwandishi: Ndugu, acha kuliweka upya. Kila unaporudisha kilichofutwa kabla rufaa haijajibiwa, kwao unaonekana unakwepa uamuzi, na hilo ni kosa la peke yake, kubwa kuliko la kwanza. Sasa unaweza kuwa na mambo mawili ya kujieleza. Yafute yote matatu kama bado yapo kwenye rasimu, soma ujumbe wa kwanza, kisha urudi hapa na jina la sera. Bila hilo siwezi kukusaidia.

Mzee wa Dunda: Mbona unahangaika na vitundu? Waandikie ni plastiki, wataachia siku hiyo hiyo.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Hapana, sitaandika hivyo wala sitamshauri mtu. Mnunuzi analipia mfupa. Akipata tangazo linalosema plastiki na kitu cha mfupa mkononi, anadai fedha zake na anashinda. Na uongo ule utakuwa umeandikwa kwa jina langu kwenye barua ya rufaa.

Pwani Huru: Mimi naona unawafundisha wauza pembe za ndovu namna ya kujificha nyuma ya mfupa wa ng'ombe.

Mwandishi: Soma tena hatua ya 4. Picha ninazozitaka ni zile ambazo muuza pembe za ndovu hawezi kuzipiga, kwa sababu bidhaa yake haina vitundu. Mwenye hatia akifuata somo langu atajikamatisha mwenyewe. Tembo wa Afrika aliwekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, mwaka 1989, na tembo wa Tanzania bado wamo humo. Sina ugomvi na hilo hata chembe.

Binti Mlingotini: Samahani fundi, bibi yangu aliacha bangili moja ya zamani, nadhani ni ya ndovu kweli. Kwa kuwa ni ya kale, haiwezi kuuzwa kwa kueleza umri wake?

Mwandishi: Usiiweke sokoni, dada, na usiandike rufaa ya kitu hicho. Kwa sheria yetu ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ile ni nyara ya serikali, na hata kuwa nayo tu bila kibali ni kosa. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya, uulize kwanza kabla ya kuibeba, wakuelekeze. Nashukuru umeuliza kabla ya kufanya.

Chonga Msasa: Nimesikia ukichoma sindano kwenye moto ukaigusisha, unajua kama ni pembe au mfupa. Kwa nini hukuiweka? Na ile mistari ya kukatana wanayosema ni nini?

Mwandishi: Swali zuri, kaa nikueleze. Sindano ya moto inatenganisha plastiki na vitu vya asili. Plastiki inayeyuka, mfupa hauyeyuki, na pembe ya ndovu nayo haiyeyuki. Kwa hiyo kati ya hivi viwili vinavyotusumbua haikuambii kitu, na umeshaitoboa bidhaa.

Mistari inayokatana ndiyo alama ya pembe ya ndovu yenyewe. Ukiikata kwa upana na kuing'arisha, unaona mistari hafifu inayopishana kama ukili wa mkeka. Karibu na ukingo wa nje, kwa tembo wa leo, mistari hukatana kwa pembe pana, zaidi ya nyuzi 100. Kwa yule tembo wa kale wa nchi za barafu ni nyembamba, chini ya nyuzi 90, na wakaguzi wanatumia tofauti hiyo kutenganisha ya zamani na ya sasa. Mfupa hauna mistari hiyo. Lakini kwenye barua usiandike "haina mistari", kwa sababu kitu kisichokuwepo hakionekani vizuri kwenye picha, mtu anaweza kudhani picha yako ni mbovu. Onyesha vitundu, ndivyo vilivyopo.

Chonga Msasa: Asante sana. Na kamera yangu haikaribii, picha inakuwa ukungu.

Mwandishi: Rudi nyuma kidogo, piga, kisha kata picha ibaki sehemu unayoitaka. Ukilazimisha simu isogee sana ndipo inapopoteza. Egemeza mkono kwenye kikombe.

Mama Chumbageni: Habari za huko fundi, mimi niko Tanga. Sihusiki na mifupa ila somo limenigusa. Nauza vikapu vya katani. Wamenifutia viwili, ujumbe unasema sera ya dawa za kulevya! Nililia, nikidhani kuna mtu amenichongea.

Mwandishi: Pole sana mama. Hakuna aliyekuchongea, ni ugonjwa ule ule wa neno. Badilisha lugha ya ukurasa uniambie "katani" imetokeaje.

Mama Chumbageni: Imetokea `hemp`.

Mwandishi: Ndiyo hiyo. Kwetu katani ni nyuzi za mkonge, lakini kamusi nyingi zinaipa pia maana ya nyuzi za mmea ulio jamii moja na bangi, na mtambo umechukua huo. Barua yako itakuwa nyepesi kuliko yangu. Andika "mkonge", ongeza `Agave sisalana`, na useme neno la mwanzo lilikuwa jina la kienyeji la nyuzi hizo. Picha moja ya jani la mkonge limepasuliwa nyuzi zikitoka, pembeni ya kikapu, inatosha. Huko Tanga jani halikupi shida.

Mama Chumbageni: Shamba liko nyuma ya nyumba ya dada yangu. Basi nimeandika maneno mapya hivi: "Kikapu kilichofumwa kwa mkono kwa nyuzi za mkonge, `Agave sisalana`, kina mikanda miwili ya ngozi." Niambie kama yako sawa kabla sijatuma.

Mwandishi: Yako vizuri isipokuwa neno la mwisho. Ngozi ya mnyama gani? Ukiliacha hivyo, unawafungulia sera ya wanyamapori huku unafunga ile ya dawa.

Mama Chumbageni: Ya mbuzi. Nimeongeza. Na jani nimeshamtuma mtoto akalilete.